Hotuba Mbili za Jina la Machela

Mwaka jana ukoo wetu ulikutana Ifakara kwa siku mbili, na jioni ya kwanza mmoja wa vijana alisimama akasema kwamba kuna mtoto mchanga wa kupewa jina, na kwamba ingefaa babu Fidelis, kwa kuwa ndiye mkubwa aliyebaki na anajua kusema, atoe hotuba. Kule kwenye masufuria bibi watatu wa umri wangu waliangua kicheko. Mmoja alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mwingine akapiga makofi akisema, "Mpeni! Mpeni tu, lakini kwanza mfiche jogoo!" Vijana walitazamana. Mimi nilitazama viatu vyangu. Waliponiomba niwaeleze, nilikataa kusimulia kwa mdomo, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo huwa najipunguzia makosa. Kalamu ni ngumu zaidi kuidanganya, angalau kwangu mimi. Basi naandika habari za ule mwaka mmoja wa katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa na miaka thelathini na mmoja na nikidhani kwamba mtu akiweza kusema vizuri basi hahitaji kufanya kitu kingine.

Nilikuwa nakaa Katindiuka kwa kaka yangu Severini, katika chumba cha nyuma nilichogawana na magunia ya mpunga. Kidato cha nne nilikuwa nimemaliza zamani kiasi kwamba cheti kilishaanza kuliwa na mende pembeni. Kazi yangu, kama ilikuwa na jina, ilikuwa kuandikia majirani barua na kusema kwenye shughuli. Harusi, kuaga mwaka shuleni, kumpokea padri mpya, kote nilisimama. Nilipenda sana maneno "nachukua fursa hii" na "kwa niaba ya", na nilijua kunyamaza mahali panapofaa ili watu wapige makofi. Kaka alikuwa mtu wa jembe na nyavu, maneno yake kwa siku yalitosha kiganjani, na nadhani ndiyo maana alinivumilia. Kuta za nyumba yake zilikuwa za matofali ya kuchoma lakini hazikufika kwenye bati, kwa hiyo kila kilichosemwa chumba kimoja kilipanda juu na kushukia chumba kingine. Nikiwa nimelala juu ya magunia yangu nilijua nani kakasirika, nani anaumwa tumbo, na samaki gani anapikwa.

Masika ya mwaka huo shemeji yangu Agripina alijifungua mtoto wa kiume. Nyumbani furaha ilikuwa ya kunong'ona, maana huyu alikuwa wa tatu. Wa kwanza aliishi siku nne. Wa pili alipewa jina la babu yetu marehemu, akaishi miezi mitano, akaanza kucheka, ndipo akaondoka. Kwa hiyo huyu wa tatu hakuna aliyempongeza kwa sauti. Walimwita "mgeni". Mgeni kalala, mgeni kanyonya, mgeni kafanya mambo yake kwenye khanga mpya. Agripina alikuwa ndani na mama yake, Bibi Kresensia, aliyetoka Mngeta na kapu la kambale wakavu, na shangazi yetu Tekla, dada wa marehemu baba, ambaye ndiye aliyekuwa na kauli katika mambo ya ukoo. Wanawake hawa wawili walilishana heshima mchana kutwa. Asubuhi uji wa pilipili manga, mchana wali na mchuzi wa samaki kitoga, na katikati ya uji na wali, vita.

"Mama," nilimsikia Bibi Kresensia siku moja juu ya ukuta, "mtoto ana wiki ya nne sasa. Kwetu Mngeta angekuwa na jina na lakabu."

"Kwetu tunasubiri kitovu kidondoke," akasema Shangazi.

"Kitovu kilidondoka zamani. Mliobaki ni ninyi."

"Jina tunalo, mama. Tulikuwa tunakupa nafasi umalize kambale."

Bibi Kresensia alikuwa na jina lake: Prospa, jina la mwanawe wa kwanza, fundi cherehani, mtu mwenye nyumba ya bati. Shangazi Tekla alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini, na nililazimika kusimama juu ya gunia ili nisikie. Alisema wa kwanza aliondoka bila jina, na wa pili alipewa jina la mtu aliyelala, na aliyelala akamwita mwenye jina lake. Safari hii ukoo unataka jina la mtu aliye hai, anayekula, anayegombana na watu. Mtu huyo ni Babu Machela wa Idete, mdogo wa babu yetu mzaa baba, mwenye umri wa miaka themanini na zaidi na meno yake mwenyewe.

"Machela?" Bibi Kresensia aliuliza. "Ile ya kubebea wagonjwa?"

"Hiyo hiyo."

Nikasikia kijiko kikiwekwa chini.

"Mjukuu wangu wa pekee, mnataka kumwita kitu cha kubebea wagonjwa."

"Jina lina asili yake, mama. Utaelezwa siku ya kumtoa mtoto nje."

"Nitakaa nisikilize. Likiwa na maelezo ya maana nitanyamaza, na cherehani ya Prospa itamshonea mtoto nguo. Likiwa halina, nitasema palepale mbele za watu, na mtaniwia radhi."

Hapo ndipo Agripina aliposema neno lake la kwanza katika mjadala mzima. "Mama, mimi sijali linaitwaje. Mimi nataka jina litakalokaa."

Lazima nieleze jinsi ukoo wetu ulivyofanya jambo hili, kwa sababu vijana wa leo wanapokea majina kwenye simu. Jina la marehemu huchukuliwa bila kuombwa. Jina la mtu aliye hai huombwa. Anatumwa mtu mzima na jogoo aliye hai, na mwenye jina akiridhika anampokea jogoo kwa mkono wake mwenyewe, kwa kumshika miguu. Kumshika ni kukubali. Kisha anamweleza mjumbe alikolipata jina, kwa maneno yake, na mjumbe ndiye atakayeyasema maneno hayo siku ya kumtoa mtoto. Mwisho anachana kipande cha nguo anayoivaa, nguo yenye jasho lake, kinashonwa kwenye khanga anayobebewa mtoto. Pasipo jogoo, maneno na kitambaa, jina ni sauti tu. Na mjumbe lazima awe mtu wa kuaminika. Walinichagua mimi.

Nilipewa baiskeli ya kaka, jogoo mwekundu, na kilo mbili za sukari. Idete si mbali sana, lakini barabara ya masika ina tope jeusi linaloshika gurudumu kama deni, na mvua ilinikuta bado sijamaliza nusu ya safari, karibu na mashine ya kukoboa mpunga alikolinda rafiki yangu Damasi. Nilisema nipumzike kidogo. Damasi alikuwa na ubao wa drafti na vizibo vya soda, vyekundu na vyeusi. Alinifunga mara ya kwanza nikasema ni uchovu. Alinifunga mara ya pili nikasema ni giza. Nililala pale. Kesho yake mvua ilikatika, barabara ikaanza kukauka, jua likanikuta nimekaa kwenye kiti kilekile. Alasiri hiyo nilikuwa nimebakiza hatua mbili nimfunge Damasi kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, wakati jogoo, aliyekuwa amefungwa kwenye mguu wa benchi, aliporuka juu ya ubao na kutawanya vizibo hadi kwenye pumba.

Tulimtazama. Damasi akasema, "Huyu kesi yake ni fupi."

Nilikasirika kweli. Nadhani kwa dakika kumi nilisahau kabisa yule jogoo alikuwa wa nini. Tulimla na wali mpya, na sukari ilikuwa imekwisha kuingia kwenye chai tangu jana. Niliponawa mikono ndipo nikakumbuka, na hapo ningeweza kupanda baiskeli, kwenda Idete mikono mitupu na kumwambia mzee ukweli. Nilifikiria hivyo kwa muda mfupi sana. Kisha nikamwomba Damasi shati lake kuukuu la kazini, nikachana kipande chini ya kwapa, mahali penye jasho zaidi, nikarudi Katindiuka.

Shangazi Tekla alikipokea kile kitambaa kwa mikono miwili. Alikinusa, akafumba macho. "Kweli," akasema, "hii ni harufu ya baba mdogo." Akampa Agripina, naye akakinusa, akakiweka shavuni na kuanza kulia polepole. Sijawahi kujibu vizuri swali la kwa nini sikusema pale. Jibu la karibu na ukweli ni kwamba waliniuliza, "Alisemaje?" na mimi nikiulizwa alisemaje mtu, siwezi kukaa kimya.

"Alishukuru sana," nikasema. "Angekuja mwenyewe ila miguu. Na jina alilipata vitani."

Kwa wiki mbili nilitunga hotuba ile. Niliiandika kwenye daftari la kurasa arobaini na kuisema kwa magunia. Siku yenyewe, Jumamosi asubuhi, uani kulifungwa turubai kati ya nyumba na jiko la nje. Wageni wa Mngeta walikaa kulia, sisi kushoto, na mlango wa nyumba katikati ukiwa umefungwa, maana nyuma yake alikuwapo Shangazi Tekla na mtoto mikononi, pamoja na Agripina. Mtoto hatoki mpaka jina lieleweke. Mbele ya mlango paliwekwa mkeka, bakuli la maji na sahani ya unga wa mchele. Bibi Kresensia alikaa mstari wa mbele, mikono kifuani, kama mtu aliyekuja kukagua.

Nilianza inavyotakiwa. Niliwaamkia wazee wa kwetu, nikawaamkia wakwe, nikawaamkia akina mama waliompokea mtoto, kila kundi na zamu yake, na kila kundi likaitika. Nikasema, "Mgeni wetu ameingia. Amefika na mikono miwili, macho mawili, na sauti ambayo majirani mmeisikia." Wakacheka. Nikasema anakotoka hatupajui, ila alikofika tunapajua, na kila anayefika mahali huulizwa jina. Hadi hapo nilikuwa mtu mwema. Ndipo nikaingia kwenye asili ya jina.

Wakati huo trekta la mpunga lilisimama barabarani na watu kadhaa wakashuka kwenye trela. Mmoja alikuwa mzee mrefu mwenye kofia ya ukili na koti lisilo na kifungo hata kimoja. Aliingia chini ya turubai kwa adabu, akaenda kukaa nyuma upande wa Mngeta, akapewa kikombe cha togwa. Sisi tulidhani ni mtu wao, wao walidhani ni wetu. Mimi na kaka tulimwona Babu Machela mara ya mwisho tukiwa watoto wadogo. Mtu pekee ambaye angemtambua alikuwa nyuma ya mlango uliofungwa.

Basi nikaendelea. Nilisema kwamba katika Vita vya Pili babu yetu alipelekwa Burma, mahali ambapo mpaka leo sijui mtu hufikaje. Nilisema kwamba ofisa wake alipigwa risasi, machela zote zikawa zimevunjika, na babu yetu akambeba mgongoni siku saba, akivuka mito mitatu. Kwenye daftari ilikuwa mito miwili, ule wa tatu niliuongeza kwa sababu watu walikuwa wananisikiliza vizuri. Nilisema ofisa alipopona alimwambia, "Wewe ndiwe machela yangu." Akina mama walipiga vigelegele. Bibi Kresensia alishusha mikono. Nilimwona akimnong'oneza jirani yake, na mdomo wake ukawa laini. Kule nyuma, niliambiwa baadaye, yule mzee alimgusa bega mgeni aliyekaa mbele yake.

"Samahani, mama. Huyu anayesemwa ni nani?"

"Babu yao wa Idete. Machela."

"Aha." Akanywa togwa. "Mtu mkubwa huyo."

Kisha ikaja sehemu ambayo kwetu haiachwi. Kabla shangazi hajamnong'oneza mtoto jina lake sikioni, kwa sababu mtoto ndiye anayetakiwa kulisikia kwanza kabla ya umma, msemaji huuliza mara tatu kama kuna mwenye neno juu ya jina hilo. Likishanong'onwa halirudi. Niliuliza mara ya kwanza, kimya. Nikauliza mara ya pili huku nikimtazama Bibi Kresensia, naye akatikisa kichwa kwamba hana. Nikauliza mara ya tatu haraka, kama mtu anayefunga dirisha.

"Mimi ninalo dogo," akasema yule mzee.

Alisimama kwa kujikusanya kidogo kidogo. Nikasema kwa sauti yangu ya shughuli, "Karibu, mzee wetu kutoka Mngeta."

"Mngeta sijafika maishani. Natoka Idete. Wiki iliyopita katekista kanipongeza kwa kupata wajina Katindiuka, nikasema basi niende nikamwone. Na huko Burma, kijana, nisaidie: nilikwenda kwa njia gani?"

Nilisikia mlango nyuma yangu ukifunguka. Shangazi Tekla alitoa kichwa, akamwona, akapiga kelele, "Baba mdogo! Shikamoo!"

"Marahaba, Tekla. Umenenepa."

Hakuna aliyecheka bado. Nilianza kusema kwamba furaha iliyoje, kwamba mzee kwa unyenyekevu wake hapendi kusifiwa, lakini aliinua mkono. "Ulikuja kwangu?"

"Nilikuja, babu, ila..."

"Jogoo alikuwa wa rangi gani?"

"Mwekundu." Hili nilijibu vizuri.

"Nilimshika miguu kwa mkono upi?"

Niliwatazama wakwe. Nilimtazama kaka Severini, aliyekuwa amesimama kando ya masufuria na mwiko mkononi, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mtu asiyesema sana anaweza kuonekana kama amesema kila kitu. Nikasema, "Jogoo tulimla mimi na Damasi."

"Na kitambaa?" Shangazi Tekla aliuliza.

"Cha Damasi, mlinzi wa mashine."

Hapo turubai lilianguka kwa kicheko, na namaanisha karibu lianguke kweli, maana watu wa Mngeta walishika nguzo. "Na yeye akakinusa!" mtu alipaza sauti. Shangazi Tekla alisema atanivunja mgongo na nitatafuta wa kunibeba siku saba. Bibi Kresensia alisimama akatengeneza khanga yake. "Ndugu zangu," akasema, "mimi niliahidi kusema, na sasa nasema. Jina hili halikuombwa, halikutolewa, maelezo yake ni ya kutungwa, na kitambaa chake ni cha mlinzi wa mashine. Prospa yuko hai, yuko Mngeta, na hajawahi kudanganya mtu isipokuwa kuhusu siku ya kumaliza suruali." Wakacheka tena. Nilitamani kucheka nao.

Ndipo Agripina alipotoka. Mama wa mtoto hatakiwi kutoka kabla ya mtoto, na kila mtu alijua, kwa hiyo kicheko kilikatika kama uzi. Alikuwa ameshika khanga ya kumbebea, ile yenye kitambaa cha Damasi kilichoshonwa pembeni kwa uzi mweupe, mishono midogo midogo ya usiku mwingi. Hakunitazama. Alimwendea mzee, akapiga magoti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Wiki mbili hizi nimelala usingizi. Nilikuwa nalala kwa sababu ya jina lako. Sasa niambie mwenyewe. Mwanangu ana jina, au hana?"

Nimesikia watu wengi wakisema hadharani, na mimi mwenyewe nimesema mengi, lakini sijasikia swali lingine lililonifanya nitamani kurudishiwa maneno yangu yote tangu nianze kusema. Mzee alivua kofia. Alikaa kwenye kiti cha mbele alichopishwa na Bibi Kresensia, na akasema kwa muda mrefu kidogo, bila kupandisha sauti.

Alisema vitani hakwenda kabisa. Alikuwa kijana mvivu, mvivu kuliko huyu Fidelis, na alichukuliwa pamoja na wenzake kumbeba karani wa boma aliyekuwa akizunguka vijijini kwenye machela. Siku ya pili, ndani ya matete marefu, karani aliomba ashushwe ajisaidie. Wabebaji wakatawanyika kutafuta maji. Yeye akaona machela iko tupu, kivuli chake kizuri, akasema ajinyooshe mgongo kidogo. Akavuta shuka, akalala. Wenzake walirudi, wakaona mtu kajifunika, wakainua. "Walinibeba kutoka asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama. Walinivusha mto kwa mabega, maji kifuani, wakiambiana wasimlowanishe mkubwa. Mimi nilikuwa naota. Waliponishusha kijijini, jumbe wa pale na wapiga ngoma wamejipanga, shuka likafunuliwa." Akasubiri. "Karani alifika kesho yake kwa miguu, suruali imebaki nusu."

Watu walicheka mpaka wengine wakalia. Bibi Kresensia alifunika uso kwa khanga na mabega yake yakawa yanatikisika. Mzee alisubiri wamalize, kisha akamgeukia Agripina peke yake. "Nilichapwa, na tangu siku hiyo naitwa Machela. Kwa miaka mingi niliona aibu. Wenzangu wale wote wamekwisha kufa, wenye nguvu wote. Mimi niliyebebwa nipo. Sasa mama, jina langu si la kubeba watu. Ni la mtu aliyelala, wenzake wakamvusha mto, na hakulowana. Kama unalitaka hilo kwa mtoto wako, nakupa. Jina ninalo, na sijaona mtu aliyelipunguza kwa kusema uongo juu yake."

Agripina alisema, "Ndilo ninalolitaka."

"Basi jogoo," akasema mzee.

Jogoo hakuwapo, wote walikuwa ndani ya masufuria. Bibi Kresensia alinyanyuka bila kumtazama mtu, akaenda kwenye mizigo ya Mngeta, akarudi na jogoo mweupe aliyekuja kama zawadi. Alinikabidhi mimi. "Omba," akasema. "Na uanze na ulichofanya, tusije tukapewa Burma nyingine."

Hiyo ilikuwa hotuba ya pili. Sikuchukua fursa, sikuwa kwa niaba ya mtu. Nilisema naitwa Fidelis, nilitumwa, sikwenda, nilicheza drafti, nilikula, nilichana shati la mtu, nikamwacha mke wa kaka yangu alale juu ya uongo. Nikasema, "Babu, tunaomba jina lako kwa ajili ya mtoto huyu." Mzee alimshika jogoo miguu kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa bado na togwa. Alichana kipande cha koti lake. Shangazi Tekla aliingia ndani, akatoka na mtoto, akainama kwenye sikio lile dogo, na sisi tukaona midomo tu. Akachovya kidole kwenye maji, kisha kwenye unga, akamgusa ulimi. Ndipo akasema kwa sauti, "Machela!" na upande wa kulia na wa kushoto ukaitika pamoja.

Wakati wa kula mzee aliniita. "Kijana, una mdomo mzuri. Njoo Idete siku moja, ukae, ule kwangu. Nitakuonyesha mahali waliponishusha. Kuna mengi sijayasema pale." Nilisema nitakuja. Nilimaanisha. Nilisema nitakwenda baada ya mavuno, baada ya mavuno nikasema barabara ina vumbi, kisha nikaalikwa kusema kwenye harusi mbili Ifakara, na ya pili walinipa nafasi ya kuongoza shughuli nzima.

Alifariki mvua za mwaka uliofuata zilipoanza. Tulikwenda sote, Agripina amembeba Machela mgongoni, mtoto mzito, mwenye meno manne, akivuta nywele za kila aliyepita karibu. Nyumba ya mzee ilikuwa chumba kimoja safi, kitanda cha kamba, na viti viwili, kimoja kikiwa na mto. Jirani yake alituambia mto ule aliutafuta kwa ajili ya mgeni fulani wa Katindiuka aliyekuwa anakuja. Kwenye kaburi katekista aliuliza ni nani wa ukoo atakayeeleza habari za marehemu, na watu wote, hata wale wa Mngeta, walinigeukia mimi. Nilisogea mbele. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hapakuwa na kitu ndani yake. Nikasema, "Huyu mzee nilimhutubia mara mbili. Sikumtembelea hata mara moja. Naomba aseme mtu anayemjua." Nikarudi nikasimama nyuma, na mwanamke jirani, ambaye hakuwahi kusoma, akaanza kueleza alivyokuwa akipenda chai yake.